Nyumba ya Milango Sita: Pesa Inavujia Wapi?

Muulize mwenye nyumba wa Tabata, Kimara au Mbagala nyumba yake inaingiza kiasi gani kwa mwaka, naye atakujibu bila kushika kalamu. Milango sita, kwa mwezi milioni moja na nusu, zidisha mara kumi na mbili, milioni kumi na nane. Hesabu hiyo ni sahihi kwa nyumba ambayo mpangaji hahami, kila mtu analipa kwa wakati na koki hazivuji. Nyumba ya namna hiyo hakuna aliyewahi kuijenga. Kati ya milioni kumi na nane za mdomoni na pesa inayobaki mkononi kuna mianya kadhaa, na kila mwanya una dawa yake. Tatizo ni kwamba mwenye nyumba wengi huiona yote kama kitu kimoja: "mwaka huu mambo yamekuwa magumu."

Kwa Dar es Salaam ugumu unaongezeka kwa sababu ya mazoea yetu ya kulipa kodi kwa mkupuo, miezi mitatu au sita. Kenya, ambako kodi ya nyumba za kawaida hulipwa mwezi kwa mwezi, mpangaji akichelewa inajulikana wiki ya kwanza tu. Hapa kwetu mwenye nyumba anaweza kupokea mamilioni mwezi mmoja na kuambulia laki moja na ushee mwezi unaofuata, ilhali hakuna aliyeshindwa kulipa. Akaunti ya benki na ujumbe wa simu vinamweleza pesa imeingia lini. Havimwelezi pesa hiyo ni ya mwezi gani.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mwaka mzima, Januari hadi Desemba 2024. Ni nyumba ya Tabata yenye milango sita ndani ya uzio mmoja. Milango mitatu ni ya vyumba viwili na sebule, sh 300,000 kwa mwezi kila mmoja. Tuiite A1, A2 na A3. Miwili ni chumba na sebule chenye choo cha ndani, sh 200,000 kila mmoja. Hiyo ni B1 na B2. Wa sita ni fremu iliyotazama barabara, yenye duka la dawa, nayo ni sh 200,000. Ukijumlisha unapata sh 1,500,000 kwa mwezi, na kwa mwaka zile zile sh 18,000,000. Mfano ni wa kutungwa, lakini kila kinachotokea ndani yake kinatokea mitaani kila siku.

Januari ya neema, Februari ya njaa

Januari mzee mwenye nyumba anapokea sh 1,800,000 kutoka A1 kwa miezi sita, sh 900,000 kutoka A2 na sh 900,000 kutoka A3 kwa miezi mitatu, sh 1,200,000 kutoka B1 kwa miezi sita, sh 600,000 kutoka B2 kwa miezi mitatu, na ya fremu ya mwezi mmoja, sh 180,000. Jumla sh 5,580,000. Februari anapokea ya fremu peke yake, sh 180,000.

Ukimuuliza Februari atakuambia biashara ya nyumba imelala. Lakini Februari imezalisha kodi sawasawa na Januari: milango yote sita ilikuwa na watu, na kila mmoja alidaiwa kodi ya mwezi huo, sh 1,500,000. Wengi walikuwa wameshailipa tu. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya hesabu hii ni kuitenganisha tarehe ambayo pesa imepokelewa na mwezi ambao pesa hiyo inaulipia.

Kanuni hiyo inatimizwa na daftari lenye mstari mmoja kwa kila mlango kwa kila mwezi. Milango sita kwa miezi kumi na mbili ni mistari 72, si mingi kwa mtu yeyote. Kila mstari una mambo matano: mlango, mwezi, kodi iliyostahili, kodi iliyolipwa kwa ajili ya mwezi huo, na tarehe pesa ilipopokelewa. A1 akileta sh 1,800,000 Januari, huandiki 1,800,000 mahali pamoja. Unaandika 300,000 kwenye mstari wa Januari, 300,000 kwenye Februari, hivyo hivyo mpaka Juni, na tarehe ya mapokezi inabaki ile moja kwenye mistari yote sita.

Mlango ukiwa hauna mtu, mstari wake usiachwe wazi. Kwenye kodi iliyostahili andika sifuri, na pembeni andika neno "tupu". Mstari ulioachwa wazi, ukirudi kuusoma baada ya miezi minane, hutakumbuka kama nyumba ilikuwa haina mtu, au mtu alikuwepo hakulipa, au ulisahau kuandika. Mambo hayo matatu hayafanani hata kidogo.

Anayetumia Excel kwenye kompyuta au simu atapata deni la mlango wowote kwa mstari mmoja. Ikiwa safu ya A ni mlango, C ni kodi iliyostahili na D ni iliyolipwa, deni la A3 ni hili:

```
=SUMIFS(C:C,A:A,"A3")-SUMIFS(D:D,A:A,"A3")
```

Anayetumia daftari la kawaida atafanya kazi ile ile kwa kalamu na kikokotoo. Kinachomsaidia ni ule mpangilio wa mistari.

Ngazi tatu kutoka milioni 18

Mwaka umekwisha. Mzee anajumlisha kila kilichoingia kwenye simu na benki, anapata sh 16,260,000. Si haba, anajiambia. Kati ya milioni kumi na nane imepotea milioni moja na laki saba hivi, na nyumba zilikaa wazi kidogo. Sasa tulisome daftari lake la mistari 72.

Ngazi ya kwanza ni milango iliyokaa tupu. A2 ilikaa tupu miezi mitatu, Aprili hadi Juni, ikapoteza sh 900,000. B2 ilikaa tupu mara mbili, mwezi mmoja mmoja, Mei na Septemba, ikapoteza sh 400,000. Jumla sh 1,300,000. Kwa maneno mengine, kati ya miezi 72 ya milango yote, mitano haikuwa na mtu. Kodi iliyostahili kwa mwaka inashuka kutoka sh 18,000,000 hadi sh 16,700,000.

Ngazi ya pili ni madeni. Wapangaji waliokuwemo hawakulipa zote: A3 anadaiwa sh 1,200,000, na mpangaji mmoja wa B2 aliondoka na deni la sh 200,000. Jumla sh 1,400,000. Kodi iliyolipwa kwa ajili ya mwaka 2024 ni sh 15,300,000, sawa na asilimia 91.6 ya iliyostahili.

Hapo mzee anashtuka. Simu na benki zilimwambia 16,260,000, daftari linamwambia 15,300,000. Tofauti inatoka sehemu mbili zinazovutana. Ya kwanza, mpangaji wa B1 aliwahi: mwishoni mwa Desemba alileta sh 1,200,000 ya Januari hadi Juni 2025. Pesa iko mkononi mwa mzee lakini ni ya mwaka unaokuja. Akiila yote kwa sikukuu, B1 haitampa kitu mpaka Julai. Ya pili ni fremu. Duka la dawa huzuia asilimia 10 ya kodi na kuipeleka TRA kama kodi ya zuio, kwa hiyo kila mwezi mzee hupokea sh 180,000 badala ya 200,000. Kwa mwaka sh 240,000 hazikupita mkononi mwake, lakini zimelipwa kwa niaba yake. Toa 1,200,000 kwenye 16,260,000, ongeza 240,000, unapata 15,300,000. Daftari na simu vimekubaliana.

Kukubaliana huko ndiko kipimo cha hesabu yote. Kama pande hizi mbili hazilingani, kuna malipo ambayo hayakuandikwa, au pesa iliyopokelewa na mtu mwingine isifike. Na kwa fremu, mwenye nyumba asiyejua habari ya zuio ataona mpangaji anampunja 20,000 kila mwezi na kugombana na mtu aliyemaliza deni lake. Anachopaswa kumdai ni hati ya kodi ya zuio, kwa sababu bila hati hana cha kuonyesha TRA kwamba kodi hiyo imekwishalipwa.

Amana nayo iangaliwe hapo hapo. Mwenye nyumba anayechukua kodi ya mwezi mmoja kama amana ameshika pesa ya mpangaji, ambayo huenda akairudisha. Isiingizwe kwenye mistari ya kodi. Mzee wetu hachukui amana. Angekuwa nayo, deni la 200,000 la yule aliyeondoka B2 lingefidiwa siku ile ile.

Mpangaji mwema mwenye deni kubwa

A3 anastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu madeni mengi ya pango huzaliwa kwa njia yake. Mpangaji huyu hajawahi kumkimbia mwenye nyumba. Januari alilipa miezi mitatu kamili. Aprili alikuja na sh 600,000 badala ya 900,000. Julai vivyo hivyo. Oktoba alikuja na 300,000.

"Shikamoo mzee. Nimekuletea laki tatu, nyingine nitamalizia mwisho wa mwezi."

"Marahaba mwanangu. Haya, ila usinisahau."

Kila alipoleta, mzee aliandika pesa hiyo kwenye robo mwaka iliyokuwa imeanza. Oktoba akaandika 300,000 kwenye Oktoba, akasema mwezi huu amelipa. Upungufu wa Aprili ukabaki Aprili, wa Julai ukabaki Julai, umetawanyika kwenye kurasa, na kila kipande kikionekana kidogo.

Utaratibu ulio wazi zaidi, na unaofaa kuandikwa kwenye mkataba, ni kwamba kila pesa inayoingia inafuta kwanza mwezi wa zamani zaidi ambao haujalipwa. Tuufuate. Baada ya Machi, mpangaji wa A3 alileta 600,000, halafu 600,000, halafu 300,000. Jumla 1,500,000, ambayo kwa 300,000 kwa mwezi inalipia miezi mitano: Aprili, Mei, Juni, Julai na Agosti. Kuanzia Septemba hakuna kilicholipwa. Desemba inaisha akiwa amekaa miezi minne kamili bila kodi.

Deni ni lile lile, sh 1,200,000, ila sasa lina sura. Unaweza kusema "yuko nyuma miezi minne" na kila mtu akaelewa, yeye mwenyewe wa kwanza. Unaona pia mwelekeo: mwisho wa Juni alikuwa nyuma mwezi mmoja, mwisho wa Septemba miwili, mwisho wa Desemba minne. Mtu aliyepatwa na dharura moja deni lake hupanda mara moja, halafu husimama au kushuka. Deni linalopanda kila robo linasema kipato cha mpangaji hakiibebi tena nyumba hiyo, hata awe mstaarabu namna gani.

Deni la B2 ni la aina nyingine. Ni dogo, sh 200,000, lakini mdaiwa ameshahama na namba yake haipatikani. Mzee akiendelea kuliandika pamoja na la A3 kama "ninawadai milioni moja na laki nne" anajifariji bure. La A3 linaweza kulipwa kidogo kidogo kwa sababu mtu yupo. La B2 lihesabiwe kuwa limepotea. Likirudi siku moja, litaingia kama bahati. Kwa hiyo madeni yagawanywe kwa vitu viwili, umri wake na kama mdaiwa bado anaishi kwako.

Matumizi: ya mlango na ya uzio

Upande wa matumizi, kosa la kawaida ni kuwa na rundo moja la risiti. Risiti zigawanywe mara mbili tangu siku zinapopatikana: za mlango fulani na za uzio mzima.

Za mlango ni kama fundi bomba aliyebadilisha koki ya A1, rangi na dari ya A2 baada ya mpangaji kuhama, kitasa na rangi mara mbili ya B2. Kwa mwaka huu zilikuwa sh 150,000 kwa A1, 600,000 kwa A2, 150,000 kwa A3, 100,000 kwa B1, 520,000 kwa B2 na 100,000 kwa fremu. Jumla sh 1,620,000.

Za uzio mzima zinahusu kila mtu: kijana anayeangalia nyumba, sh 100,000 kwa mwezi, taka, 10,000 kwa mwezi, umeme wa taa za nje na pampu, 30,000 kwa mwezi, gari la kunyonya majitaka, mara mbili kwa 120,000, pamoja na kodi ya majengo na kodi ya ardhi, tuseme 60,000 kwa mwaka. Jumla sh 1,980,000.

Kodi ya majengo inahitaji jicho. Tangu 2021 inakatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa imekuwa sh 1,500 kwa mwezi tangu 2023. Anayekatwa ni yule anayenunua umeme kwenye mita iliyounganishwa na kodi hiyo. Ikiwa mita hiyo ni ya A1, basi mpangaji wa A1 anamlipia mwenye nyumba kodi yake. Pesa ni ndogo, sh 18,000 kwa mwaka, lakini mpangaji akiipunguza kwenye kodi bila maelewano, daftari litamwonyesha kama mdaiwa. Bora iandikwe kama matumizi ya mwenye nyumba na arudishiwe.

Mwaka huo pia mzee alinunua simtanki jipya na pampu kwa sh 1,800,000. Akiliweka lote kwenye matumizi ya 2024, mwaka huo utaonekana mbaya na miaka inayofuata itaonekana mizuri bila sababu. Kitu kitakachotumika miaka mingi kinagawanywa kwa miaka hiyo. Akikadiria miaka sita, 2024 inabeba sh 300,000. Pesa imetoka mfukoni yote, ndiyo, na hilo abaki nalo kwenye hesabu ya mfuko. Lakini anapotaka kujua nyumba inazalisha nini kwa mwaka, anabeba sehemu ya mwaka huo tu.

Sasa tunaweza kuupima kila mlango peke yake. Matumizi ya uzio pamoja na sehemu ya simtanki ni sh 2,280,000; tukiyagawa sawa kwa milango sita, kila mmoja unabeba 380,000.

| Mlango | Iliyolipwa | Ya mlango | Ya uzio | Kinachobaki |
|---|---|---|---|---|
| A1 | 3,600,000 | 150,000 | 380,000 | 3,070,000 |
| A2 | 2,700,000 | 600,000 | 380,000 | 1,720,000 |
| A3 | 2,400,000 | 150,000 | 380,000 | 1,870,000 |
| B1 | 2,400,000 | 100,000 | 380,000 | 1,920,000 |
| B2 | 1,800,000 | 520,000 | 380,000 | 900,000 |
| Fremu | 2,400,000 | 100,000 | 380,000 | 1,920,000 |
| Jumla | 15,300,000 | 1,620,000 | 2,280,000 | 11,400,000 |

Milioni kumi na nane za mdomoni zimekuwa milioni kumi na moja na laki nne, na hapo hatujaondoa kodi ya mapato. Lakini jumla si jambo la kushika hapa. Tazama milango. B1, ya laki mbili kwa mwezi, imembakizia mzee pesa nyingi kuliko A2 na A3 za laki tatu. Na B1 na B2 ni vyumba pacha, ukubwa mmoja na bei moja, lakini B2 imebakiza chini ya nusu ya mwenzake. Hakuna taarifa ya benki inayoweza kukuonyesha hilo.

Kugawa matumizi ya uzio sawa kwa sawa kuna mipaka yake. Kama maji yangekuwa ndani ya kodi, ingekuwa haki zaidi kugawa bili kwa idadi ya watu, kwa sababu familia ya watu sita haitumii maji sawa na kijana anayeishi peke yake. Chagua njia moja, iandike, na usiibadilishe katikati ya mwaka, la sivyo huwezi kulinganisha.

Miezi mitatu ya kungoja laki tatu na nusu

Daftari linaonyesha pesa ilikopotelea. Sababu yake lazima iulizwe.

A2 ilikaa tupu miezi mitatu kwa sababu mzee alipandisha bei. Mpangaji wa zamani alipohama, akamwambia dalali atafute mtu wa sh 350,000. Watu walikuja, wakatazama, wakaondoka. Mwisho wa Juni akakubali 300,000 ile ile. Tuseme angempata mtu wa 350,000 mwanzoni mwa Julai: zile 50,000 za ziada zingehitaji miezi 18 kurudisha sh 900,000 zilizopotea. Na kama Aprili alikuja mtu mwenye 280,000, tofauti ya 20,000 kwa mwezi ingechukua miezi 45, karibu miaka minne, kufikia hasara ya ile miezi mitatu. Mwezi mmoja wa nyumba tupu ni mwezi mzima wa kodi, wakati punguzo ni kipande tu cha kodi. Kabla ya kukataa bei, gawa kodi ya mwezi mmoja kwa kiasi mnachobishania. Jibu ni idadi ya miezi unayoweza kumvumilia mpangaji huyo kabla hujafikia hasara ya kungoja mwezi mmoja zaidi. Kwa 300,000 na tofauti ya 20,000, ni miezi 15.

Hesabu hiyo ina sharti moja: mpangaji mwenye bei ya chini awe analipa. Laki mbili na themanini za karatasini zinazogeuka kuwa A3 nyingine ni hasara juu ya hasara.

B2 ni kisa tofauti. Bei yake ni ile ile ya B1, na kila inapohamwa inapata mtu ndani ya mwezi mmoja. Kwa hiyo soko halina neno nayo. Lakini wapangaji wawili wameihama kwa mwaka mmoja huku B1 ikiwa na mtu yule yule. Chumba pacha kikihamwa namna hiyo, nenda kakikague, tena usiende mchana tu. Nenda saa mbili usiku, fungua bomba uone nguvu ya maji, kaa sebuleni robo saa. Kwa nyumba hii, bomba la hewa la shimo la majitaka limeishia chini ya dirisha la B2, na jioni upepo ukigeuka harufu inaingia ndani. Wapangaji hawakumwambia mwenye nyumba, walihama tu. Kulirefusha bomba hilo juu ya paa, tuseme kwa sh 150,000 pamoja na fundi, kunagharimu kidogo kuliko mwezi mmoja wa B2 kukaa tupu. Ndiyo maana ni vizuri anayehama aulizwe kwa upole sababu ya kuhama, na jibu liandikwe kwenye mstari wa mwezi ule wa "tupu".

Pamoja na hayo, mwaka mmoja ni muda mfupi. Wapangaji wawili kuhama kunaweza kuwa kwa sababu ya kazi tu, na mlango ambao haukuhamwa mwaka huu unaweza kuhamwa mwakani. Bomba likirefushwa na B2 ikaendelea kuhamwa 2025, basi sababu ilikuwa nyingine.

Makubaliano yanayopimika

Kilichobaki ni A3, na hapo mzee ana njia mbili. Ya kwanza ni kumwomba ahame. Kwa hesabu, anaweza kupoteza mwezi mmoja au miwili ya mlango mtupu, rangi ya laki kadhaa, na pengine deni lote la 1,200,000, kwa sababu aliyehama halipiki kirahisi. Ya pili ni kumbakiza kwa masharti mapya. Masharti yanayofaa kwa deni la namna hii ni kuachana na mkupuo wa miezi mitatu, ambao ni dhahiri haumudu, alipe kila mwezi sh 300,000 ya mwezi huo na sh 100,000 ya deni. Kwa miezi kumi na mbili deni linaisha. Yaandikwe, wote wawili watie saini, na kila mmoja abaki na nakala.

Kama mpangaji anasema 400,000 kwa mwezi haiwezekani, basi ameshajibu swali. Asiyeweza 300,000 peke yake atazidi kurudi nyuma, na kila mwezi wa huruma unamwongezea mzigo yeye mwenyewe. Mazungumzo ya kuhamia nyumba ya laki mbili, huku deni likilipwa taratibu, yana faida kwa wote kuliko kusubiri lifike milioni mbili.

Akikubali, mzee asipime makubaliano kwa kuangalia kama mpangaji "analeta chochote". A3 alileta chochote mwaka mzima. Apime kwa namba moja tu, deni lililobaki mwisho wa mwezi. Mwisho wa Januari 2025 liwe sh 1,100,000, Februari 1,000,000, Machi 900,000. Ikifika mwisho wa Machi deni liko juu ya 900,000, makubaliano yamevunjika, na uamuzi ufanywe mwezi huo huo, deni likiwa bado la miezi mitatu.